Pedali iliyozama chini ya Soni

"Shikamoo mwalimu. Nina Noah, niliiagiza miaka 3 iliyopita. Wiki iliyopita nilikuwa nateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, ndani tuko watu 7 na mizigo. Tulipopita Soni nikasimama kama dakika 10, abiria wakanunua matunda. Kuondoka tu, kona ya kwanza, pedali ya breki ikazama mpaka chini. Nikaikanyaga haraka haraka mara 3 au 4, ikashika kidogo, nikamalizia na handibreki. Tulikaa pale kama saa nzima, breki ikarudi kama kawaida. Fundi amekagua: pedi zipo, hakuna panapovuja, mafuta ya breki yamejaa. Fundi mwingine anasema mafuta yamenyonya maji. Yamenyonyaje wakati kopo lina mfuniko na gari halijawahi kuingia mtoni? Na kama ni maji, mbona breki ilipona yenyewe?"

Marahaba kijana wangu, na poleni kwa mshtuko. Huyo fundi wa pili yuko sahihi. Wa kwanza naye hakukudanganya, maana alipofungua boneti kesho yake hapakuwa na kitu cha kuona. Ubovu huu una tabia ya kufuta nyayo zake.

Nianze na hizo dakika 10 za matunda, kwa sababu ndizo zilizoniondolea shaka. Breki zinaweza kuzidiwa na joto kwa namna mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Ya kwanza ni pedi zenyewe kupata moto mpaka zinapoteza mshiko. Hapo pedali inabaki ngumu na iko juu kama siku zote, unaikandamiza kwa nguvu zako zote lakini gari halipungui mwendo, na mara nyingi harufu ya kuungua imekwishakutangulia puani. Ya pili ni mafuta ya breki kuchemka. Hapo pedali inakuwa laini, inazama kama umekanyaga sifongo, na ukiipiga haraka haraka inapanda kidogo. Wewe umeeleza hii ya pili, na umeeleza pia wakati wake hasa: siyo ulipokuwa umekanyaga breki, bali baada ya kuiachia na kusimama.

Watu wengi hudhani breki iliyosimama inapoa. Diski inapoa, ndiyo, lakini joto lake halipotei hewani lote. Gari likitembea, upepo unaipuliza diski na kulichukua joto. Ukisimama upepo unakatika, na ile diski yenye joto la nyuzi mia kadhaa inaanza kuligawa kwa majirani zake: pedi, kalipa inayozishikilia, pistoni inayozisukuma, na mwishowe mafuta yaliyokaa nyuma ya pistoni. Kwa hiyo dakika chache baada ya kusimama, mafuta ya ndani ya kalipa yanakuwa ya moto kuliko yalivyokuwa ukiwa bado unateremka.

Na kuna jambo la pili linalotokea wakati huohuo. Ukiwa umekanyaga, mafuta yamebanwa kwa presha ambayo ni makumi ya mara ya presha ya hewa ya kawaida, na kimiminika kilichobanwa hakichemki kirahisi. Maji yenyewe, yakibanwa mara 10 ya presha ya kawaida, hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 180. Dereva yeyote analijua hili kwa upande wa rejeta: maji yametulia ndani kwa sababu mfuniko umeyabana, ukiufungua injini ikiwa ya moto yanakurukia usoni. Mguu wako juu ya pedali ndio mfuniko wa rejeta. Ulipouondoa ili watu wanunue matunda, uliufungua mfuniko huku joto likiendelea kupanda. Mafuta yakachemka kimya kimya, gari limesimama, wewe unasubiri chenji.

Mvuke ukishaingia, hesabu yake ni ya kutisha. Breki inafanya kazi kwa sababu kimiminika hakibonyei. Silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali, kwenye gari la kawaida, tuseme yenye kipenyo cha milimita 22 na pistoni inayosafiri milimita 35, inasukuma kama mililita 13 tu za mafuta kwa mkanyago mmoja wa mpaka chini, chini kidogo ya kijiko kikubwa cha chakula. Hizo ndizo akiba yako yote. Sasa tone moja la maji lina uzito wa kama gramu 0.05. Likigeuka mvuke kwenye presha ya kawaida linajaza takriban mililita 80, yaani mara 6 ya akiba hiyo. Huhitaji hata tone zima. Na tofauti na mafuta, mvuke unabonyea. Unakanyaga, pistoni ya silinda kuu inasafiri safari yake yote, na kazi pekee inayofanyika ni kuubana mvuke. Pistoni ya kalipa haisogei.

Baadhi ya mafundi huita hali hii veipa loki, yaani kizuizi cha mvuke. Jina hilo limetoka kwenye mabomba ya petroli, ambako mvuke huzuia petroli isifike kwenye injini. Kwenye breki halielezi vizuri, kwa sababu hapa mvuke hauzuii kitu, unajikunja tu.

Ulivyoipiga pedali haraka haraka ulifanya vyema. Kila pedali inaporudi juu, silinda kuu huvuta mafuta kidogo zaidi kutoka kwenye kopo, na mkanyago unaofuata huyasukuma chini juu ya yale ya mwanzo. Ukiwahi kabla hayajarudi, unajaza ile nafasi iliyoliwa na mvuke mpaka presha inapatikana. Kisha mlipokaa saa nzima, kalipa zilipoa, mvuke ukarudi kuwa kimiminika, maji yakayeyuka tena ndani ya mafuta yaleyale yaliyotoka. Hayakwenda popote. Bado yamo, na yanaungoja mteremko mwingine.

Labda utauliza, si gari lina njia mbili za mafuta ili moja ikifa nyingine ibaki? Linazo. Lakini kwenye magari mengi yanayovuta kwa mbele njia hizo zimekatwa mshazari: gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia njia moja, mbele kulia na nyuma kushoto njia nyingine. Mpangilio huo unakuokoa bomba moja likipasuka. Mlimani, kalipa zote mbili za mbele zinapata moto pamoja, na kila njia ina kalipa moja ya mbele. Zikichemka, zimekufa njia zote mbili.

Sasa turudi kwenye swali lako la mfuniko.

Mafuta ya breki tunayaita mafuta kwa mazoea tu. Si mafuta kama ya injini wala ya kula. Yale ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yametengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli, ambazo molekuli zake zina oksijeni inayoyavuta maji na kushikana nayo. Mafuta ya kula ukiyatia maji yanajitenga, haya ukiyatia maji yanachanganyika kama sukari ndani ya chai. Ndiyo maana yakimwagika kwenye rangi ya gari yanaoshwa kwa maji tupu, na uwahi, kwa sababu yanababua rangi.

Anayeishi Tanga mjini anajua chumvi inavyolowa masika hata kama kopo lake limefunikwa. Hakuna aliyemwaga maji. Unyevu wa hewani umejipenyeza, chumvi imeukamata, na kwa kuwa umekamatwa haurudi nje, unafuatwa na mwingine. Mafuta ya breki yanafanya vivyo hivyo, na milango yao ni mitatu. Kopo la juu lina kitundu cha kupumulia, maana mafuta yakishuka kadiri pedi zinavyolika lazima hewa iingie juu yake. Magari mengi yana kiwambo cha mpira chini ya mfuniko cha kupunguza unyevu huo, lakini hakiuzuii wote. Mlango wa pili ni ile mipira inayounganisha bomba la bodi na kalipa. Inaonekana mizima, haivuji hata tone, lakini molekuli za maji ni ndogo na mpira si chuma. Tairi la baiskeli lisilo na pancha likisimama miezi linapungua upepo. Hewa imepenya mpira kwenda nje. Kwenye mpira wa breki, unyevu unapenya kwenda ndani. Mlango wa tatu ni sili za pistoni. Ona basi kwamba njia mbili kati ya hizi ziko huko chini, karibu na kalipa, mahali penye joto kuliko pote. Kopo linaweza kuwa na mafuta yenye nafuu huku ya kalipa yamekwishaharibika.

Utasema, basi waliotengeneza walikosea kuchagua kitu kinachopenda maji. Hawakukosea. Maji yataingia tu, upende usipende, na swali ni yakishaingia yakae wapi. Yakikutana na mafuta yasiyochanganyika nayo, yatajikusanya matone matone, na kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta mengi yatashuka mpaka kwenye kalipa. Pale tone la maji matupu litachemka kwa nyuzi 100, na likilala litakula chuma kutu mahali pamoja. Mafuta yanayoyayeyusha maji na kuyatawanya yanashuka kiwango cha kuchemka kidogo kidogo badala ya kuanguka ghafla, na yana dawa ya kuzuia kutu ndani yake. Kuna mafuta ya silikoni, DOT 5, ambayo hayanyonyi unyevu. Yana shida hii hii niliyoitaja ya matone, hayachanganyiki na hayo mengine, na hayafai kwenye magari yenye ABS. Usiyachanganye na DOT 5.1, namba zinafanana lakini ni ukoo mwingine kabisa. Na usije ukasikiliza mtu anayekwambia ujazie mafuta ya gia au ya injini mradi kopo lijae: sili za breki zimetengenezwa kwa mpira unaovimba ukigusa mafuta ya jamii hiyo, na ukishavimba umenunua mfumo mzima upya.

Kiasi gani cha maji kinatosha kuleta balaa? Kidogo sana. Viwango vya DOT vinataja joto mara mbili kwa kila aina: mafuta yakiwa mapya makavu, na yakiwa yamenyonya maji kama asilimia 3.7. DOT 3 lazima yavumilie angalau nyuzi 205 yakiwa makavu, na 140 yakishanyonya. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Hizo ni za chini kabisa zinazoruhusiwa, chupa nzuri huzizidi. Kinachonisumbua mimi si namba zenyewe bali namna zinavyoshuka: sehemu kubwa ya hasara inakuja na ile asilimia ya kwanza na ya pili ya maji, ikifika ya nne kushuka huko kumekwishapoa. Ndiyo maana gari linaweza kuwa zima kwa muda mfupi tu baada ya kubadilishwa mafuta, kisha likaonekana zima miaka mingi kwa sababu mjini hakuna cha kulijaribu.

Chungulia mfuniko wa kopo la Noah yako. Toyota nyingi za zamani zimeandikwa DOT 3. Kama ndivyo, na kama mafuta hayo yalikuja nalo, yana miaka 3 ya kwako na mingine usiyoijua ya mwenye gari wa kwanza. Kwa hali yako mimi ningeyakadiria yanachemka nyuzi 140 au hata pungufu, na kalipa ya mbele kwenye mteremko ule inafika huko bila taabu.

Hebu tuupige mteremko wenyewe hesabu. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo kama 400. Gari lenye watu 7 na mizigo tulipe kilo 1,800. Kila mita 100 unazoshuka, uzito huo unaachia nishati ya kutosha kuchemsha lita 5 za maji kutoka baridi. Kwa mita 1,000 ni lita zaidi ya 50, karibu ndoo tatu za lita 20. Nishati hiyo lazima iende mahali. Sehemu inaliwa na upepo na matairi. Sehemu inaweza kuliwa na injini, ukiiruhusu. Inayobaki yote inakuwa joto kwenye breki, na kwa kuwa uzito wa gari unalalia mbele likifunga breki na likiangalia chini, sehemu kubwa zaidi inaangukia kalipa mbili za mbele, vyuma ambavyo unaweza kuvibeba kwa mkono mmoja.

Hapo ndipo ninapokuuliza jambo ambalo hukuniambia: gia ilikuwa wapi? Noah otomatiki ikiachwa kwenye D inateremka karibu bure, injini haishiki kitu. Ukiweka 2 au L tangu juu, kabla mteremko haujaanza, injini inalichukua fungu kubwa la zile lita 50. Nimesikia mabishano mengi vijiweni kuhusu kukanyaga breki kwa kugusagusa au kwa kukandamiza na kuachia. Tofauti ipo lakini ni ndogo, kwa kuwa mwendo ukiwa uleule nishati inayopaswa kuliwa na breki haibadiliki sana. Gia ndiyo inayoibadilisha. Na anayeweka nyutro ili kuokoa petroli, huyo simwiti dereva.

Sasa kazi ya gereji. Kwanza umwambie fundi aache kukagua kwa macho. Kopo kujaa si ushahidi wa chochote, maana maji hayaongezi kimo cha kuonekana. Rangi nayo inadanganya: mafuta meusi kweli yamechoka, lakini ya rangi ya asali yanaweza kuwa yamejaa maji. Kuna kalamu za kupimia zenye taa za kijani, njano na nyekundu, zinapima jinsi mafuta yanavyopitisha umeme. Zinasaidia kukutisha, ila hubabaika zikikutana na aina tofauti za mafuta. Kipimo ninachokiamini ni kile kinachoyachemsha mafuta yenyewe na kukusomea nyuzi. Vyovyote utakavyopima, sampuli itoke kwenye kalipa ya mbele, kwenye skrubu ya kutolea upepo, siyo kwenye kopo. Nimekwambia sababu.

Lakini kusema kweli kwenye kesi yako usipoteze hela ya kipimo. Mafuta yaliyokwishachemka mara moja yabadilishwe, basi.

Na kubadilisha si kuongezea. Watu wengi hukosea hapa. Mafuta ya injini yanazunguka, ya breki hayazunguki. Yanakwenda mbele kidogo ukikanyaga na kurudi mahali palepale ukiachia. Ukimwaga mapya kwenye kopo yanabaki kwenye kopo, na yale ya kalipa yanakaa na maji yao hata mwaka. Lazima yasukumwe yatoke. Fundi ayavute ya kopo kwa bomba la sindano, ajaze mapya, kisha aende gurudumu baada ya gurudumu, kwa kawaida akianzia lililo mbali zaidi na silinda kuu. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani unachomekwa kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha nyingine inazamishwa ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi anakanyaga taratibu, fundi anafungua, mafuta yanatoka, fundi anafunga, ndipo msaidizi aachie. Asiachie kabla skrubu haijafungwa, ataingiza hewa na mtaanza upya. Wanaendelea mpaka yanayotoka yafanane na yanayoingia, huku kopo likiongezwa lisikauke. Lita 1 inatosha gari zima na inabaki kidogo.

Kwenye gari la umri kama wa hiyo Noah yako, weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni wakati wa kazi hii. Sili za silinda kuu zimezoea kusafiri sehemu fulani tu ya silinda. Huko mbele zisikofika pana kutu na uchafu wa miaka, na kuzipeleka huko ghafla kunaweza kuzichana. Nimeona gari limeingia gereji kubadilishwa mafuta likatoka linahitaji silinda kuu mpya, na mwenye gari akaona ameibiwa.

Kuhusu aina, DOT 4 inachanganyika salama na DOT 3 na inakupa nafasi zaidi mlimani, kwa hiyo mimi ningeweka DOT 4. Nunua chupa iliyofungwa, lakiri yake ikiwa nzima, na ukiifungua tumia siku hiyo. Nilipokuwa kijana gerejini, tulikuwa tunayakinga yaliyotoka kwenye gari moja ndani ya chupa ya soda, tunayaacha yatulie uchafu ushuke, kisha tunayatia gari jingine. Tulijiona tunabana matumizi. Uchafu ulishuka kweli, maji hayakushuka, maana yamekwishayeyuka. Kama utamkuta fundi ana kopo la wazi kabatini analomiminia wateja wote, mpe chupa yako mwenyewe.

Baada ya hapo, miaka 2 isipite bila kurudia. Ndiyo muda ambao watengenezaji wengi huutaja, na pwani kwenye unyevu kama wa Tanga sioni sababu ya kuusogeza mbele.

Kabla hujalirudisha gari barabarani, mwambie fundi akague pia pini na pistoni za kalipa za mbele. Kalipa inayong'ang'ania inaibana pedi muda wote, hata kwenye tambarare, na inaweza kuyachemsha hata mafuta mapya. Na hili si jambo la kando: maji yaliyokaa miaka ndani ya mafuta ndiyo hayohayo yanayoipa pistoni kutu mpaka inang'ang'ania. Kukagua kwake ni rahisi. Endesha kilomita 10 hivi za tambarare ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ukikuta moja inafukuta kuliko mwenzake wa upande wa pili, umepata mwizi mwingine.

Na ikitokea tena mlimani, fanya kama ulivyofanya, ila uanze na gia. Shusha gia, piga pedali haraka haraka, vuta handibreki taratibu huku kidole kimebonyeza kitufe chake ili uweze kuiachia magurudumu yakitaka kukwama. Handibreki ya gari lako inavutwa kwa waya, haitumii mafuta, ndiyo sababu ilikuokoa. Usizime injini ukiwa unatembea, utapoteza msaada wa breki na usukani. Ukishasimama, weka jiwe kwenye tairi, usimwage maji kwenye diski za moto kwa sababu zinaweza kupinda au kupasuka, na mngoje hiyo saa nzima mliyongoja. Kisha kabla ya kuondoka kanyaga pedali gari likiwa limesimama, uachie, uhesabu mpaka 10, ukanyage tena. Ikisimama juu mara zote mbili, teremka kwa gia ya chini mpaka Mombo, na gari lilale hapo mpaka mafuta yabadilishwe.